Barua ya shilingi hamsini

Unga wa ngano ukipanda bei, mpika chapati ana njia mbili. Anaweza kupunguza donge kimyakimya, ila mteja wa kila siku hahitaji mizani. Mkono wake unaijua chapati yake. Njia ya pili ni kuwaandikia wateja barua, na hapo wengi hukwama kabla hata ya kushika kalamu, kwenye hesabu.

Tuseme mama mmoja wa Dar es Salaam hupeleka chapati maofisini, moja kwa shilingi 500. Mfuko wa kilo 25 aliozoea kuununua kwa 45,000 sasa ni 54,000. Hiyo ni asilimia 20, na kishawishi ni kuipandisha chapati vivyo hivyo, iwe 600. Angekosea. Mkaa, nauli ya bodaboda na ujira wa msaidizi havijapanda. Mfuko mmoja humtolea chapati 300, kwa hiyo ile nyongeza ya 9,000 ni shilingi 30 kwa kila chapati. Mafuta yamepanda 1,200 kwa lita, naye humaliza lita 3 kwa mfuko: shilingi 12 nyingine. Jumla ni 42. Chenji ya shilingi 8 ataitoa wapi? Basi aongeze 50, na barua iwe hivi:

“Ndugu mteja wetu, kuanzia Jumatatu ya wiki mbili zijazo chapati itakuwa shilingi 550 badala ya 500. Unga na mafuta vimepanda katika duka la jumla tunakonunua, na nyongeza hiyo ni takriban shilingi 42 kwa chapati moja. Donge ni lile lile. Aliyekwisha kulipia mwezi huu hataongeza kitu. Asante kwa kula kwetu.”

Bei imetangulia kwa sababu ndiyo anayoitafuta msomaji. Akicheleweshwa na salamu ndefu, ataanza kuhisi kuna jambo baya zaidi. Wiki mbili zinampa nafasi mhasibu wa ofisi anayelipa kwa mwezi. Sentensi ya donge ni fupi, lakini mimi ningeilinda kuliko zote, maana inajibu swali ambalo mteja angeona haya kuliuliza.

Kuna ahadi moja isiyofaa kuandikwa: kwamba bei haitapanda tena. Ngano nyingi inayosagwa Tanzania hutoka nje. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya ngano iliruka katika soko la dunia, na hakuna mpika chapati aliyekuwa na la kusema.

Barua yenyewe aipeleke kwa mkono wake, pamoja na chapati za siku hiyo, zikiwa bado za 500.