Kengele ya Jangwani

Hadithi ya kubuni ya kisayansi haihitaji roketi. Chukua Dar es Salaam ya mwaka 2040. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 mkoani humo. Waongeze, kisha uache mto Msimbazi upite palepale unapopita leo, kutoka vilima vya Pugu hadi baharini karibu na daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 wenyeji wa bondeni hawajayasahau, kwa hiyo mwandishi hana haja ya kubuni janga jipya. Abuni kitu kimoja tu: kengele.

Chini ya daraja la Jangwani kimefungwa kifaa kidogo chenye betri na paneli ya sola. Kinapiga sauti isiyosikika kuelekea majini na kupima mwangwi unachukua muda gani kurudi. Maji yakiwa mita 4 chini yake, sauti huenda na kurudi kwa takriban milisekunde 23. Maji yakipanda, muda unapungua, na kifaa kinatuma ujumbe kwenye simu za wakazi. Teknolojia hii ipo tayari, ndiyo maana msomaji ataiamini.

Sasa kiharibu. Rundo la chupa za plastiki na matawi linanasa chini ya kifaa, mwangwi unarudi mapema, na simu zinalia usiku wa manane ilhali mto umetulia. Fundi akitazama vipimo angegundua: maji hupanda hatua kwa hatua, takataka huruka mita nzima kwa mara moja.

"Mama, simu inasema tuhame."

"Ilisema hivyohivyo wiki iliyopita, mwanangu. Lala."

Kwa kuwa watu wamechoshwa, fundi anabadili mpangilio: kengele isilie mpaka vipimo vitatu mfululizo vikubaliane. Kifaa hupima kila baada ya dakika 10. Kipimo cha kwanza kikionyesha hatari, zinapita dakika 20 zaidi kabla simu haijalia.

Hapo ndipo hadithi ilipo, na mimi nisingeongeza roboti hata moja. Mwandishi anachagua usiku wa bamvua, mwezi mpevu, bahari imejaa na mto hauna pa kumwagia maji yake. Mvua kubwa imenyesha Pugu. Jangwani hakujadondoka tone. Mama muuza chapati anaamka na kukuta maji yameshafika kwenye jiko, na ndipo simu inalia. Kifaa hakikukosea, fundi naye alikuwa na sababu nzuri.

Waandishi wengi huanguka kwa kuipa mashine akili isiyo na kikomo, kisha hawajui tatizo litoke wapi. Ukitaka kuandika yako, chagua kifaa ambacho fundi wa mtaani kwako anaweza kukifungua, umuulize kwanza huwa kinaharibikaje.