Je, Wajua? Swali la Watoto Unapopakia Video YouTube

Je, wajua kwamba YouTube haikubali uchapishe video kabla hujasema kama umewatengenezea watoto au la? Swali hilo lilitokana na kesi. Septemba 2019, Google ilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani, baada ya kudaiwa kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya wazazi. Tangu hapo kila anayepakia analijibu, awe Mwanza au New York.

Je, wajua kwamba ukijibu ndiyo, milango kadhaa hufungwa? Sehemu ya maoni huzimwa, kengele ya kuwaarifu wafuatiliaji hailii, na mtazamaji hawezi kuihifadhi video kwenye orodha yake. Matangazo hubaki, ila hayachaguliwi tena kwa kufuata mwenendo wa mtazamaji, hivyo kipato huweza kushuka. Video nayo hupendekezwa zaidi kando ya video nyingine za watoto.

Je, wajua kwamba mtoto kuonekana kwenye video hakutoshi kuifanya ya watoto? Chukua video mbili za uji. Ya kwanza inamfundisha mama kupika uji wa mwanawe wa miezi minane, na mtoto anaonekana akilishwa. Anayeambiwa pale ni mama, kwa hiyo jibu ni hapana. Ya pili ni katuni ya kikombe kinachoimba na kuwahimiza watoto wanywe uji. Hiyo ni ya watoto, hata kama mzazi ndiye aliyeifungua.

Je, wajua kwamba kujibu hapana hakuifanyi video kuwa ya watu wazima tu? Kizuizi cha miaka 18 ni mpangilio mwingine kabisa. Ukikiweka, asiyeingia kwa akaunti yenye umri unaofaa hataiona. Somo la uji halikihitaji.

Je, wajua kwamba mpangilio mwingine tena, kundi la video, yaani `Category`, umefichwa chini ya `Show more`? Makundi yapo 15, na wengi huyapita bila kuyagusa. Kuchagua `Education` badala ya `People & Blogs` ni sahihi kwa somo la uji, lakini hakutaleta umati. Mapendekezo hutegemea zaidi kile watu wanachobofya na wanachotazama kwa muda mrefu.

Je, wajua kwamba YouTube inaweza kukubadilishia jibu? Mitambo yake hukagua video, na ikiona ni ya watoto huiwekea alama hiyo yenyewe. Ukikuta maoni ya somo lako la uji yamezimwa ghafla, fungua YouTube Studio uangalie nani ameweka alama. Ikiwa ni YouTube, huwezi kuiondoa mwenyewe. Kata rufaa hapohapo, ukieleza kwamba unazungumza na wazazi.