Mguu Ambao Fomu Iliusahau

Tuchukue mfano wa mama fundi cherehani wa miaka 46. Daktari amemwandikia kipimo cha MRI cha kiuno, bima imekataa kulipa, na sababu ni moja: ulazima wa kitabibu haujathibitika.

Wengi hapo huandika malalamiko: nimechangia miaka yote, nina watoto, naumia. Ni kweli tupu, na inauma kuisoma, lakini haijibu sababu iliyotolewa. Jibu limo katika faili la kliniki, kwa hiyo mama anaomba nakala.

Machi 3 daktari aliandika kwamba maumivu yanatoka kiunoni na kushuka mguu wa kushoto hadi kidole gumba. Akampa dawa, kisha mazoezi ya viungo, ambayo mama alihudhuria mara 8. Aprili 24 aliandika: maumivu yamezidi, na nguvu ya kuinua kidole gumba imeshuka hadi 4 kati ya 5.

Kidole hicho ndicho hoja yote. Maumivu ya kiuno peke yake mara nyingi hupungua ndani ya wiki 6 bila picha yoyote, ndiyo maana bima husita. Misuli kulegea ni habari nyingine: huashiria kwamba neva imebanwa, na daktari hawezi kupanga sindano wala upasuaji bila kujua imebanwa wapi.

Sasa mama anatazama fomu ya madai. Imejazwa M54.5, namba ya maumivu ya kiuno tu. Maumivu yanayoshuka mguuni ni M54.4. Aliyekataa hakuwahi kuuona mguu.

Basi barua inakuwa fupi:

“Nakata rufaa dhidi ya uamuzi wenu kwamba ulazima wa kitabibu haujathibitika. Maelezo ya kliniki ya Machi 3 yanaonyesha maumivu yanayoshuka mguu wa kushoto. Baada ya wiki 7 za dawa na mazoezi, maelezo ya Aprili 24 yanaonyesha udhaifu mpya wa kidole gumba. Daktari anahitaji kipimo ili aamue tiba. Namba ya ugonjwa katika fomu imerekebishwa; nakala zimeambatishwa.”

Kila dai lina tarehe yake, na msomaji analikuta kwenye nakala. Daktari akiwa alipima kidole bila kuandika, aongeze maelezo kwa tarehe ya leo. Kuchomeka maneno katika ukurasa wa zamani ni kughushi, na kunaua rufaa nzima. Tena, kama bima imekataa kwa sababu kiwango cha mwaka kimekwisha, maelezo haya hayatasaidia kitu.

Rufaa ikikataliwa, Tanzania kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini mkojo ukigoma kutoka, au ganzi ikishika sehemu za siri, mama asingoje barua ya mtu: aende hospitali saa hiyo hiyo.