Kwa Nini Wodi Imefunga Mlango wa Asubuhi

Kuna ilani imebandikwa mlangoni mwa wodi ya wanaume katika hospitali moja ya umma hapa kwetu Pwani, na tangu ibandikwe maneno hayaishi. Yasema kwamba ule muda wa asubuhi wa kutizama wagonjwa, saa kumi na mbili mpaka saa moja, umeondolewa. Imebaki miwili, mchana na jioni. Sababu imeandikwa kwa mstari mmoja tu: vipimo vya asubuhi, raundi ya madaktari na matayarisho ya upasuaji. Chini kabisa kuna onyo kwamba mgonjwa asipewe chakula kabla ya kumuuliza nesi.

Watu wamekasirika, na nawaelewa. Muda wa asubuhi ndio uliokuwa ukimfaa mtu wa kazi: watoka nyumbani alfajiri, wampitishia babako chai na mahamri, wamuuliza alivyolala, kisha waenda zako kibaruani. Mgonjwa wetu hakosi chakula cha nyumbani, na hilo kwetu ni heshima. Lakini hicho kikapu cha chai ndicho kilichofunga mlango, na ule mstari mmoja wa ilani haukulieleza hilo. Jirani yangu mmoja, mama aliyefanya unesi wodini miaka mingi mpaka akastaafu, ndiye aliyenipangia mambo yalivyo, nami nayaleta kwenu.

Anza na sukari. Mgonjwa wa sukari anayedungwa insulini hupimwa asubuhi kabla hajala kitu. Atobolewa kidole, tone la damu latiwa kwenye kijikaratasi cha mashine, na mashine yatoa namba. Namba hiyo ina kazi maalumu: yamwambia daktari kama insulini aliyodungwa jana jioni ilitosha kumfikisha asubuhi. Kwa hivyo ina maana tu ikiwa tumbo lilikuwa tupu tangu usiku.

Sasa chukua mfano wa mzee aliyelazwa kitanda cha tisa. Tuseme sukari yake ya alfajiri, akipimwa kabla hajala, ingekuwa 7, jambo la kuridhisha kabisa kwa mtu mwenye ugonjwa huo. Mwanawe aingia saa kumi na mbili kamili, ampa mahamri mawili na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari. Nesi ana wagonjwa thelathini, na kitanda cha tisa akifikia saa moja kasorobo. Mashine yasoma 15. Aandika 15 kwenye karatasi, kwa kuwa ndiyo aliyoiona. Kesho yake hali ni ile ile, maana mwana ni mwema na hakosi.

Saa tatu madaktari wapiga raundi. Karatasi yaonyesha asubuhi mbili za 15, na daktari afikiri insulini ya jioni ni kidogo. Aipandisha, tuseme kutoka yuniti 10 hadi 14. Hajakosea, amefuata karatasi. Lakini mzee hakuwa na haja ya hizo yuniti nne, na insulini ya jioni ile ya mchanganyiko hufanya kazi kwa nguvu usiku wa manane, saa ambayo hakuna anayekula. Saa nane usiku sukari yashuka hata chini ya 3. Mzee atokwa na jasho baridi, atetemeka, moyo wamwenda mbio, aanza kusema maneno yasiyoshikana. Wa kitanda cha pili adhani anaota. Nesi wa zamu akiwahi na mgonjwa bado aweza kumeza, maji ya sukari yatamrudisha. Akiwa hajitambui, itabidi atiwe glukosi mshipani. Asipowahi, mtu aweza kuingia kifafa na kupoteza fahamu, na haya yote ni kwa dawa iliyokusudiwa kumponya.

Nilimuuliza yule mama mtu atambuaje kwamba namba imeharibiwa na chai. Akasema nesi mzoefu hushuku anapoona asubuhi iko juu sana ilhali mchana na jioni ziko sawa. Humuuliza mgonjwa, "Umekula nini?" Na mgonjwa hukana, kwa kuwa hataki mwanawe agombezwe. Akanieleza na jambo ambalo sikulijua: hata asipokula, mgonjwa aliyeshika tende au halua kwa mkono aweza kutoa namba ya uongo, kwa kuwa utamu uliobaki kidoleni huchanganyika na tone la damu. Dawa yake ni kunawa kwa maji na sabuni na kukausha kidole kabla ya kupimwa.

Upande wa upasuaji ni mfupi kueleza ila ni mzito zaidi. Anayepelekwa kupasuliwa kwa nusu kaputi hutakiwa akae angalau saa sita bila chakula, na maji matupu huachwa saa mbili kabla. Chai ya maziwa haihesabiwi kuwa maji, yahesabiwa kuwa chakula. Mtu akilazwa kwa dawa, koo lake halijilindi tena. Kilichomo tumboni chaweza kupanda na kuteremkia mapafuni. Ndiyo maana daktari wa usingizi akisikia mgonjwa amekula, huahirisha, na foleni ya upasuaji wajua ilivyo, huenda ukangoja siku nyingi. Afadhali hivyo. Hatari kubwa ni yule aliyekula akanyamaza kwa kuogopa kuahirishwa.

Kwa hivyo kwa shabaha ya ilani niko upande wa wodi. Kwa namna ilivyoandikwa, siko. Muda mpya umeandikwa kwa saa za Kizungu: 12:30 hadi 2:00, na 4:00 hadi 6:00. Bibi yetu wa Kiswahili asomapo 4:00 aelewa saa nne asubuhi, na huo ndio wakati raundi imepamba moto. Nimeona kina mama wamekaa kwenye kibaraza na vikapu vyao, wamerudishwa, hawajui kosa lao. Wodi ingeandika tu "saa sita na nusu hadi saa nane mchana, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni", na kelele nusu zingekwisha. Na Ijumaa muda wa mchana wagongana na swala, wanaume wako msikitini. Nusu saa ya kuongeza siku hiyo haitamharibia mtu kipimo.

Chai na mahamri havikukatazwa. Vyaweza kuletwa mchana, mradi umuulize nesi kama mgonjwa wako ana kipimo au upasuaji mbele yake, na umwambie ulichompa na saa uliyompa ili akiandike. Ikiwa umemlisha kabla ya kupimwa, sema hapo hapo. Kipimo kitaandikwa kuwa ni cha baada ya kula, na daktari atakisoma hivyo. Mwenye mgonjwa mahututi, au aliyesafiri kutoka mbali, mathalan Lamu au Tana River, na hawezi kungoja mchana, asibishane na askari wa mlangoni. Amwombe aitiwe sista mkuu wa wodi, amweleze shida yake. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kumruhusu mtu mmoja kuingia nje ya saa, na kwa mgonjwa aliye mahututi ni nadra akatae.