Kompyuta Inapopima Sauti ya Mteja

Unapopiga simu katika kituo cha huduma kwa wateja, huenda ukasikia tangazo kwamba mazungumzo yatarekodiwa ili kuboresha huduma. Awali, msimamizi aliweza kusikiliza sehemu ndogo tu ya simu hizo. Siku hizi baadhi ya watoa huduma hutumia programu ya kompyuta inayopitia simu zote. Programu hiyo hugeuza maneno kuwa maandishi, hupima ukubwa wa sauti na kasi ya usemi, kisha huipa kila simu alama: mteja ameridhika, yuko kawaida, au amekasirika. Simu zenye alama mbaya ndizo hufuatiliwa.

Tuchukue mfano wa mteja aliyetuma shilingi 50,000 kwa namba isiyo sahihi. Anapiga simu kwa mara ya tatu na kusema: “Habari za kazi, samahani kwa usumbufu. Naomba mnisaidie, fedha zangu bado hazijarudi.” Mhudumu anamjibu kwamba suala lake linashughulikiwa. Mteja anapumua, kisha anasema: “Haya, asante.”

Programu inakuta salamu, samahani, asante na sauti ya upole. Inaandika kwamba mteja ameridhika. Mtu aliyekulia katika lugha hii angetambua kwamba “haya” hiyo ni ya aliyekata tamaa, na kwamba adabu si ridhaa. Lakini kwa kuwa alama ni nzuri, simu hiyo haifuatiliwi, na tatizo linabaki palepale.

Kosa la upande wa pili pia hutokea. Mteja aliye kituo cha daladala hupaza sauti ili asikike, na kompyuta ikadhani amekasirika. Mhudumu aliyemsaidia vizuri hupunguziwa alama pasipo haki.

Kwa sababu hiyo, tunawasisitizia watoa huduma kwamba uhakiki wa binadamu usiishie kwenye simu zenye alama mbaya. Mhakiki achukue pia baadhi ya simu zenye alama nzuri, azisikilize kabla ya kuona alama ya kompyuta, kisha alinganishe. Wakitofautiana mara nyingi, alama hizo zisitumike kumpima mhudumu wala kufunga lalamiko.

Nawe mtumiaji, usitegemee sauti yako ieleze shida. Tamka wazi: “Hili ni lalamiko, na halijatatuliwa.” Taja idadi ya mara ulizopiga, omba namba ya kumbukumbu, na uandike tarehe na saa ya simu. Ukijulishwa kwamba lalamiko limefungwa ilhali hujaridhika, omba rekodi isikilizwe na mtu. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua haki ya mhusika kuhusu maamuzi yanayofanywa na mitambo pekee.