Saa 51 za Ziada: Kompyuta Katika Mtihani wa Ukaguzi wa Hesabu

Swali la kompyuta katika mtihani wa ukaguzi wa hesabu, uwe wa NBAA Tanzania, KASNEB Kenya au ACCA, mara nyingi huanza na kisa. Tuchukue kiwanda cha kubuni chenye wafanyakazi 640, kinacholipa mishahara kila mwezi kwa mfumo wa kompyuta na kufunga hesabu Desemba 31. Karani wa utumishi ndiye anayesajili waajiriwa wapya, na ndiye pia anayeingiza saa za ziada. Mtaalamu wa mfumo ni mmoja tu, na akipigiwa simu hufanya mabadiliko papo hapo kwenye mfumo unaotumika. Walioacha kazi hawafutiwi nywila zao. Nakala rudufu za data hukaa chumba kimoja na seva. Mtahiniwa anatakiwa aeleze kasoro za udhibiti wa jumla wa tehama, kisha aonyeshe jinsi mkaguzi atakavyotumia mbinu za ukaguzi zinazosaidiwa na kompyuta.

Wengi hujibu sehemu hizo mbili kana kwamba hazijuani. Hapo ndipo jibu zuri linapotengana na la kawaida, kwa sababu thamani ya mbinu ya kwanza kati ya hizo inategemea kabisa udhibiti wa jumla.

Mbinu hiyo ya kwanza ni data za majaribio. Mkaguzi hutunga taarifa zake mwenyewe, huandika mapema matokeo anayoyatarajia, huziingiza kwenye mfumo, kisha hulinganisha. Tuseme kiwanda kimeweka kikomo cha saa 50 za ziada kwa mwezi, kwa kufuata sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 ambayo hairuhusu kuvuka saa 50 katika mzunguko wa wiki nne na inataka saa hizo zilipwe angalau mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Mkaguzi ataingiza saa 50, ambazo mfumo unapaswa kuzikubali, na saa 51, ambazo unapaswa kuzikataa. Mtahiniwa anayeandika saa 200 hajakosea, lakini kasoro za programu hupenda kukaa mpakani, si mbali nao. Ataingiza pia namba ya mfanyakazi asiyekuwepo, akitarajia ikataliwe, na saa 10 za ziada kwa mtu anayelipwa shilingi 4,000 kwa saa, akitarajia kuona shilingi 60,000.

Majaribio hayo yanaweza kufanyika kwenye mfumo unaotumika au kwenye nakala yake. Kwenye mfumo halisi mkaguzi anajua anapima programu yenyewe, ila data zake za kubuni zisipoondolewa zote, mfanyakazi asiyekuwepo anaweza kulipwa kweli. Kwenye nakala hatari hiyo haipo, lakini lazima athibitishe kwamba nakala aliyopewa ndiyo programu inayolipa watu.

Tuseme jaribio limefanyika Novemba na saa 51 zimekataliwa. Mtahiniwa mwenye haraka ataandika kwamba udhibiti unafanya kazi. Kilichothibitishwa ni kwamba ulifanya kazi siku ile ya Novemba. Yule mtaalamu wa mfumo angeweza kupandisha kikomo hadi saa 80 mwezi Aprili na kukirudisha 50 mwezi Oktoba, na jaribio la Novemba lisione chochote. Ili matokeo ya siku moja yasemee mwaka mzima, lazima kuwe na udhibiti wa mabadiliko ya programu: ombi la maandishi, idhini ya mkuu wa idara, jaribio kwenye mfumo wa pembeni, na mtu mwingine wa kuyahamishia kwenye mfumo halisi. Mkaguzi huchukua kumbukumbu ya mabadiliko iliyohifadhiwa na mfumo na kuilinganisha na fomu za idhini. Kama mtaalamu yule yule ana mamlaka ya kuhariri kumbukumbu hiyo, nayo haina uzito. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi ISA 315, toleo lililorekebishwa mwaka 2019, kinamtaka mkaguzi atambue hatari zitokanazo na matumizi ya tehama pamoja na udhibiti wa jumla unaozikabili.

Nywila za walioacha kazi na majukumu mawili ya karani huingia kwenye hoja hiyo hiyo. Mtu aliyesajili jina ndiye anayelipangia saa, kwa hiyo mlango wa wafanyakazi hewa uko wazi. Watanzania wanawakumbuka hao tangu uhakiki wa mwaka 2016, ulioondoa majina zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Kuhusu nakala rudufu, watahiniwa hupenda kuzizungumzia kwa kirefu pamoja na vizima moto. Ni kasoro kweli, na dawa yake ni kuzihifadhi jengo jingine na kujaribu kuzirejesha, lakini zinatishia uendeshaji wa kiwanda kuliko usahihi wa mishahara iliyokwisha kulipwa.

Udhibiti ukionekana dhaifu kiasi hiki, mkaguzi hauegemei. Anahamia kwenye mbinu ya pili, programu ya ukaguzi, ambayo husoma data za mteja zenyewe. Wafanyakazi 640 kwa miezi 12 ni mistari 7,680. Kwa mkono mkaguzi angepima sampuli ndogo tu, kwa kompyuta anaipitia yote. Kabla ya kuuliza lolote, hujumlisha faili aliyopewa na kulinganisha na leja kuu na malipo yaliyotoka benki. Faili iliyopunguzwa mistari itatoa majibu safi yasiyo na maana.

Katika jibu, kuandika kwamba programu itakokotoa upya mishahara hakutoshi. Lazima isemwe ni kitu gani kitalinganishwa na kipi na kwa nini. Programu itoe kila mstari wenye saa zaidi ya 50. Ikipatikana mistari 112, yote kati ya Aprili na Septemba, kikomo kilichochezewa kimejionyesha chenyewe. Ilinganishe tarehe za kuacha kazi na miezi ya malipo. Ikokotoe upya makato ya NSSF. Itafute pia akaunti moja ya benki inayopokea mishahara ya watu wawili, kazi ambayo hata lahajedwali ya kawaida inaiweza, orodha ya mwezi mmoja ikiwa na namba za akaunti kwenye safu ya D:

```
=SUMPRODUCT(--(D:D=D2))>1
```

Namba za akaunti ziingizwe kama maandishi, la sivyo sifuri za mwanzo hupotea na namba ndefu hupoteza tarakimu za mwisho, na akaunti mbili tofauti zikaonekana moja.

Akaunti iliyojirudia bado si wizi. Wanandoa wanaofanya kazi kiwanda kimoja wanaweza kuwa na akaunti ya pamoja. Mkaguzi hufungua majalada: jina lisilo na mkataba, lisilo na namba ya NSSF na ambalo halijaomba likizo mwaka mzima ndilo la kufuatiliwa, kwanza kwa kumtaka mwenye jina ajitokeze na kitambulisho.

Kuna swali ambalo programu hailifikii. Mstari wenye saa 48 uko ndani ya kikomo, umekokotolewa sawasawa na umelipwa kwenye akaunti sahihi, lakini faili ya mishahara haisemi kama saa hizo zilifanyiwa kazi. Jibu lake liko kwenye daftari la getini na saini ya msimamizi wa zamu, na huko mkaguzi huchukua sampuli na kwenda mwenyewe.