Bango la Saiti na Daftari la Bodi

Kwenye uzio wa mabati unaozunguka jengo linalopanda, Mbezi au Njiro au Makole, kwa kawaida kuna bango lenye majina. Juu kabisa huandikwa mradi na mwenye mradi, kisha mbunifu majengo, mhandisi wa miundo, mkadiriaji majenzi na mkandarasi. Wapita njia wengi hulitazama wajue tu kinachojengwa. Kwa watu wa fani hii, bango hilo linaonyesha nani anafanya kazi na nani msimu huu. Mhandisi kijana anayetafuta kazi hupiga picha mabango ya mtaa mzima, kisha akirudi nyumbani huyasoma taratibu. Akikuta mbunifu yuleyule kwenye miradi mitatu, kila mmoja ukiwa na mkandarasi wake, amekwisha pata mtu wa kumwendea.

Kabla ya kumwendea, huangalia daftari. Nchini Tanzania wahandisi wanasajiliwa na bodi yao, ERB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya bodi ya makandarasi, CRB. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wako pamoja chini ya AQRB. Wapima ardhi nao wana baraza lao. Daftari la bodi linaeleza nani ameruhusiwa kufanya nini. Mhandisi mhitimu, kwa mfano, amesajiliwa kweli, lakini hawezi kubeba mradi peke yake. Anapaswa kufanya kazi chini ya mhandisi mtaalamu mpaka naye apande ngazi hiyo. Makandarasi wa majengo wamegawanywa madaraja saba, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina kikomo cha thamani ya kazi. Aliye daraja la saba hawezi kupewa ghorofa kumi, hata kama mwenye mradi ni shemeji yake.

Lakini daftari lina mipaka yake. Halikwambii nani huja saiti anapoitwa, nani huwalipa mafundi wake Jumamosi, wala nani hukasirika akiulizwa swali. Hayo yanajulikana saiti peke yake, na ndiyo yanayoamua nani atapigiwa simu mradi mwingine ukianza.

Tuchukue mama mmoja mwenye kiwanja Mbezi, anataka nyumba ya ghorofa tatu za kupangisha. Anaanza na mpima ardhi, kwa sababu bikoni mbili hazionekani na jirani amekwisha jenga ukuta. Mpima anazirudisha bikoni mahali pake na kumwachia ramani. Mama akiuliza nani wa kumchorea nyumba, mpima anamtajia mbunifu aliyewahi kufanya naye kazi. Mbunifu naye hawezi kuhesabu nondo za nguzo, hivyo anamleta mhandisi wa miundo. Mkadiriaji majenzi anakuja na mchanganuo wa gharama, na yeye ndiye anayejua, kutokana na zabuni alizokwisha zipitia, mkandarasi gani huandika bei ndogo apate kazi halafu adai nyongeza katikati ya ujenzi. Mama aliyeanza akimjua mtu mmoja sasa anawajua watano.

Mnyororo huu ni mzuri, ila kila pete yake yafaa ikaguliwe. Mama aombe namba ya usajili ya kila mmoja, alitafute jina kwenye tovuti ya bodi husika au apige simu ofisini kwao, na aulize kama leseni ya mwaka huu imelipiwa. Kisha atazame jambo ambalo wengi hulipita: je, mwenye namba ile ndiye huyu aliyeketi mbele yake? Namba inaweza kuwa halali kabisa na mwenyewe yuko Mwanza, wala hajui kwamba muhuri wake umegongwa kwenye michoro ya Mbezi.

Kuna ugonjwa mbaya zaidi, kuazimisha cheti. Ili kampuni ya ukandarasi isajiliwe, ni lazima iwe na mtaalamu wa ufundi mwenye sifa. Basi wapo wanaomlipa mhandisi kiasi kidogo kwa mwezi ili waweke jina lake kwenye fomu, na saiti asionekane kamwe. Kwa kijana asiye na ajira fedha hiyo inavutia, na kwa nje inafanana na kufahamiana na mkandarasi. Sikubaliani nayo hata kidogo. Mwezi Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua zaidi ya watu 30, na mwezi Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo. Yakitokea maafa kama hayo, wachunguzi huanza na waliotia sahihi. Aliyeazimisha cheti atajibu kwa zege ambalo hakuliona likimwagwa.

Mhandisi hujulikana vizuri zaidi siku moja kabla ya kumwaga zege la slabu. Fomeni anapiga simu: nondo zimefungwa, magari ya zege yamekwisha agizwa kwa kesho saa mbili. Mhandisi anafika na futi yake na kukuta nondo za nguzo za milimita 16 zimepishana kwa sentimita 40 tu. Kwa hesabu ya kawaida, nondo hupishana kama mara 40 ya unene wake, yaani sentimita 64 hivi. Anayeogopa kumuudhi mkandarasi atanyamaza. Anayejua kazi yake ataandika kwenye kitabu cha maelekezo cha saiti, amwoneshe fomeni mahali penyewe, wakubaliane nondo zipi zibadilishwe usiku huo, kisha arudi alfajiri kabla magari hayajafika. Zege litamwagwa mchana badala ya asubuhi. Fomeni atanung'unika kidogo, lakini katika kikao cha saiti kitakachofuata mbunifu na mkadiriaji watasoma maelekezo yale wajue wamefanya kazi na mtu wa namna gani.

Mahusiano haya yana kishawishi kingine, nacho ni kamisheni. Mbunifu au mhandisi anampendekeza mkandarasi, na mkandarasi akishinda anampelekea bahasha ya shukrani. Tatizo linaonekana baada ya siku 28, majibu ya maabara yanapotoka na vipande vya majaribio vya zege kushindwa kufikia nguvu iliyotakiwa. Mshauri hulipwa na mwenye mradi ili alikatae zege kama hilo. Akiwa amekwisha pokea bahasha, atalikataa vipi? Mwenye mradi naye ana dalili ya kuangalia: mshauri anayekataa katakata zabuni kushindanishwa hata kwa makandarasi watatu, au ambaye kila hati ya malipo anaidhinisha kiasi kilekile alichoomba mkandarasi bila kupima kazi.

Kwa mhitimu aliyetoka chuoni asiyemjua mtu, ERB ina mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu, unaojulikana kama SEAP, ambapo kijana hupangiwa mahali pa kazi chini ya mhandisi mzoefu. Thamani yake haiishii kwenye cheti. Katika miaka hiyo anahudhuria vikao vya saiti, anaandika kumbukumbu za vikao na kusimamia upimaji wa zege. Wakandarasi humzoea kama yule kijana mwenye daftari, na akisajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu, namba zao tayari ziko kwenye simu yake.

Nyumba ya Mbezi ikikamilika, sehemu ya fedha za mkandarasi hubaki mkononi mwa mama kwa miezi sita au kumi na miwili, kasoro zikiangaliwa. Muda huo ukiisha wote hurudi kuikagua pamoja: nyufa za lipu, bomba linalovuja bafuni, mlango uliovimba. Baadhi ya wataalamu hawaji siku hiyo, kwa kuwa ada yao wamekwisha lipwa yote. Wanaokuja humkuta mama na mdogo wake aliyetoka Kibaha, ambaye naye ana kiwanja na angependa kuuliza maswali mawili matatu.